Saiti moja tu inafunguka ndogo kwa Chrome, zingine ziko sawa: zumu inakaa wapi na inafutwa aje

*"Jambo yaya. Niko na sekretaria ya kuandika na kuimprime huku Bukavu, Kadutu. Kwa Chrome ya mashini yangu saiti moja tu, ya kuandikisha wanafunzi, inafunguka ndogo sana mpaka wateja wanainama kusoma. Ukurasa wa kuingia uko kawaida, nikishaingia ndani ndio inakuwa ndogo. Nilifinya Ctrl na 0 hakuna kitu, nilifuta kashe na kuki, nilijaribu dirisha ya siri ikawa vile vile, nikadesinstale Chrome na kuirudisha, bado. Kwa telefone saiti iko muzuri. Kijana mmoja anasema ni virusi, mashini iformatiwe. Ni kweli?"*

Mdogo wangu, hiyo mashini usiiformate, na yule kijana mwambie asante aende zake. Fanya hivi kwanza: ingia kwa saiti na paswedi yako kama kawaida, fika mpaka kwa ule ukurasa wa ndani wenyewe, bofya na suri mara moja fasi tupu ya ukurasa, halafu sasa ndio ufinye Ctrl na 0. Itarudi saa ile ile. Ile mara ya kwanza nadhani ulifinya ukiwa bado kwa ukurasa wa kuingia, na ule haukuwa na shida yoyote, ndio maana hukuona kitu kimebadilika. Sasa kama unataka kujua ilianzia wapi na namna ya kuizuia isirudi, keti kidogo, juu hapo ndio kuna maneno.

Watu wengi wanafikiri zumu, yaani kile kiwango cha kukuza ama kupunguza ukurasa, ni kitu cha brauza nzima, yaani ukiipunguza imepungua fasi yote. Hapana. Chrome iko na daftari yake, sawa na ile ya mwenye duka anaandikamo madeni: upande huu jina la saiti, upande ule kiwango chake. Ukibadilisha zumu ukiwa kwa saiti fulani, Chrome inaandika jina la ile saiti na kiwango ulichoacha, bila kukuuliza, bila kukuambia imeandika. Siku unarudi pale, hata kama ni miezi sita imepita, inaangalia daftari kwanza, inakuta jina, inafungua na kiwango kile. Saiti ambazo hazimo ndani ya daftari zinafunguka na kiwango cha kawaida. Ndio unaona moja tu imeharibika na zingine mia ziko sawa, na hii peke yake ilikuwa inatosha kuonyesha kwamba si virusi, virusi gani hiyo inachagua saiti ya wanafunzi tu.

Na "jina la saiti" hapa lina maana kali kidogo. Chrome haiangalii kampani ama shule yenye saiti, inaangalia jina lote linalokaa kati ya `https://` na ule mkwaju wa kwanza unaofuata. Tuseme saiti yako iko hivi, jina nimelitunga tu:

```
auth.mfano.example/login
portail.mfano.example/inscription
```

Kwako wewe hiyo ni saiti moja, ina rangi moja, nembo moja, umeingia mara moja. Kwa Chrome ni watu wawili wasiojuana. `auth` ndio mlango wa paswedi, haumo ndani ya daftari, unafunguka kawaida. Ukishaingia unasukumwa kwa `portail`, ule umo ndani ya daftari na kiwango kidogo, basi maandishi yanapungua mbele ya macho yako. Saiti nyingi za kujiandikisha zimejengwa namna hii, mlango kwa jina moja na nyumba kwa jina lingine, kwa hiyo ukitaka kuhakikisha angalia tu ule mstari wa anwani juu, kabla ya kuingia na baada ya kuingia, uone kama neno la mwanzo limebadilika. Hata `www.mfano.example` na `mfano.example` bila www ni mistari miwili tofauti. Kurasa zote zilizo chini ya jina moja lakini zinafuata pamoja, ukirudisha moja ya `portail` umezirudisha zote, na tabo zingine za jina lile zilizo wazi nazo zitabadilika hapo hapo.

Unauliza nani aliandika humo ndani ya daftari, jibu ni wewe mwenyewe ama mtu anayekusaidia kazi, na hakuna aliyejua. Angalia mikono ya mtu anayekopi namba za wanafunzi kutoka kwa saiti kwenda Word: kidole kidogo cha kushoto kimekaa kwa Ctrl kwa sababu ya Ctrl C, mkono wa kuume unashuka na ile gurudumu ya suri kutafuta mstari unaofuata, na kabla kidole hakijaachilia Ctrl gurudumu limeshazunguka. Ctrl pamoja na gurudumu ndio amri ya zumu. Kila mruko mmoja wa gurudumu ni ngazi moja, na ngazi za Chrome ukishuka kutoka 100 ni 90, 80, 75, 67, 50, 33, 25. Kwa hiyo miruko minne tu, muda wa kupepesa jicho, uko tayari kwa 67. Mtu anaona ukurasa umeruka, anafikiri ni koneksyo, anaendelea na kazi. Kwa laptop ni hivyo hivyo na vidole viwili kwa tachpadi huku Ctrl imefinywa.

Hiyo 67 inashangaza watu, wanasema kama mtu angebadilisha kwa mkono angeweka namba ya duara, si 67. Kumbe ni theluthi mbili, ngazi ya kawaida kabisa. Ndani ya daftari penyewe haijaandikwa asilimia hata. Ukifungua lile faili linaloitwa Preferences ndani ya profili yako ya Chrome utakuta kitu cha namna hii:

```
"portail.mfano.example": {
   "zoom_level": -2.2239
}
```

Sifuri ni 100 kwa mia, na kila kipimo kimoja ni kuzidisha kwa 1.2 ukipanda ama kugawa kwa 1.2 ukishuka, basi -2.2239 inatoa theluthi mbili, yaani 67. Nakuonyesha ili ujue tu ni mstari mmoja wa maandishi ndani ya faili, si kitu kilichoingia kwa diski nzima. Lakini usiende kuihariri kwa mkono, Chrome ikiwa wazi itaandika juu yake, na ukikosea alama moja unaweza kupoteza mipangilio yako yote. Kuna njia safi, nitakuonyesha chini.

Sasa yale uliyojaribu, tuyapitie maana kila moja ilikuwa na akili yake ila iligonga mlango usio wake. Kashe ni picha na vipande vya saiti vilivyohifadhiwa ili visitumie mega tena, kuki ni alama saiti inaacha kwako ili ikukumbuke. Zumu si ya saiti, ni ya brauza, saiti yenyewe haiijui hiyo daftari wala haiwezi kuifuta. Kwa hiyo umefuta vyote viwili, umetolewa fasi zote ulizokuwa umeingia, umeanza kuandika paswedi upya, na zumu iko pale imekaa.

Dirisha ya siri ndio inadanganya watu zaidi, hata mafundi. Tumezoea kusema ukitaka kujua kama shida iko kwako ama kwa saiti, fungua kwa dirisha ya siri, kama na kule iko basi ni saiti. Kwa mambo ya kuki ni kweli, kwa zumu ya Chrome si kweli, juu dirisha ya siri inaanza na nakala ya daftari ile ile ya profili yako. 67 utaikuta na kule. Na ukiirekebisha ukiwa kule inashika mpaka ufunge ile dirisha tu, haiandikwi kwa daftari ya kweli, ukirudi dirisha ya kawaida ni vile vile. Ukitaka jaribio la kweli fungua Chrome kama mgeni, ile hali ya Guest iliyo kwa menyu ya kapicha kako ka profili, mgeni haoni daftari yako. Saiti ikiwa nzuri kwa mgeni na ndogo kwako, umeshapata jibu bila kulipa mtu.

Kudesinstale nako hakufuti profili. Windows inaondoa programu, lakini folda yenye favori zako, historia na daftari ya zumu inabaki, mpaka uweke tiki kwa ile kasanduku kanakouliza kama na data zako za brauza zifutwe. Wengi hawaweki, na vizuri hivyo, juu wangepoteza favori na paswedi zote kwa ajili ya mstari mmoja. Na telefone yako iko sawa kwa sababu hizi zumu hazisafiri, hata kama umeingia na akaunti ile ile ya Google kwa vyombo vyote viwili, kila mashini iko na daftari yake.

Njia safi ndio hii, na inafanya kazi iwe Chrome yako ni ya Kifaransa ama ya Kingereza, maana haupiti kwa menyu. Andika hii kwa mstari wa anwani ufinye Enter:

```
chrome://settings/content/zoomLevels
```

Itafunguka orodha ya saiti zote zenye zumu isiyo ya kawaida, jina kushoto, asilimia kuume, na mwisho wa mstari kuna alama ya X. Hiyo ndio daftari yenyewe. Kwa mashini ya sekretaria ambayo watu watatu wanne wanatumia nakuahidi utakuta zaidi ya moja. Tuseme unakuta `portail.mfano.example` na 67, chini yake saiti ya banki na 110, chini tena saiti ya barua pepe na 125. Usifute zote kwa hasira. Ya `portail` finya X, mstari unapotea, umemaliza, urudi kwa tabo ya saiti uone. Ile ya 125 labda kuna mtu aliiweka kwa makusudi kwa sababu ya macho yake, muulize kwanza. Orodha hii napenda kuliko Ctrl na 0 kwa sababu haikulazimishi kufika kwa ule ukurasa, na kama saiti iko na majina mawili ama matatu unayaona yote yamepangwa.

Kwa kazi ya kila siku lakini Ctrl na 0 inatosha. Klavie zetu nyingi hapa ni za AZERTY, zile za Kifaransa, ambapo 0 iko kwa batani moja na ile à, na watu wanaongeza Shift wakifikiri bila Shift haitakuwa sifuri. Kwa Windows usiongeze, finya Ctrl na hiyo batani basi. Ama tumia sifuri ya upande wa kuume, kale kataa ka NumLock kakiwa kanawaka. Ikikataa kabisa, angalia mwisho wa mstari wa anwani kuume, zumu ikiwa si ya kawaida Chrome inaweka pale kalensi kadogo, kabofye, utaona asilimia na batani ya kurudisha, Réinitialiser kwa Chrome ya Kifaransa. Hako kalensi ndiko kangekuambia ukweli tangu siku ya kwanza, ila kadogo, na nani anaangalia kule.

Kuna mtego mmoja: Ctrl na 0 hairudishi kwa 100, inarudisha kwa kiwango cha kawaida kilichowekwa kwa mipangilio. Kama mwenye mashini wa zamani aliweka zumu ya kurasa zote iwe 110, basi 110 ndio "kawaida" yako, na saiti iliyo kwa 100 ndio itaonekana kama imekumbukwa vibaya na itaingia kwa orodha. Fungua `chrome://settings/appearance`, tafuta ule mstari wa zumu ya ukurasa, uone iko ngapi. Ukiibadilisha inagusa saiti zote zisizokuwa kwa daftari, zilizoandikwa zinabaki na namba yao.

Na kwa sababu wateja wako wanaandika fomu, nikuambie pia sura ya pili ya ugonjwa huu, maana haifanani na zumu hata kidogo. Laptop nyingi za kununua hapa ziko na skrini ya pikseli 1366 kwa upana. Kwa 67 saiti inaamini iko na upana wa pikseli 2049, inatawanya safu zake. Kwa 150 inaamini iko na 911 tu, na saiti nyingi zikiona upana mdogo namna hiyo zinajigeuza zinavaa sura ya telefone: menyu ya kushoto inapotea na kubaki vile vistari vitatu juu, batani ya kutuma fomu inashuka chini kabisa. Mteja anakuja analalamika saiti imebadilishwa, menyu imetolewa, kumbe ni gurudumu lilipanda badala ya kushuka. Ukiona menyu imepotea kwa mashini moja na kwa ingine iko, angalia kalensi kwanza kabla ya kupigia simu watu wa ile saiti.

Kuna pia zumu isiyoandikwa popote, ile ya kutanua kwa vidole viwili kwa tachpadi ama kwa skrini ya kugusa. Utaitambua hivi: zumu ya daftari inapanga maandishi upya ili yaingie kwa skrini, ile ya vidole inavuta picha tu, maandishi yanatoka nje ya ukingo na unalazimika kusukuma kushoto na kuume ili usome mstari mmoja. Hiyo kwa ile orodha hutaikuta, na kalensi haitokei. Kurudisha, bana vidole, ama Ctrl na 0.

Watakuambia pia kuna njia ya mkato, kufinya Ctrl, Shift na Delete halafu kuchagua kufuta mipangilio ya saiti, ile inayoandikwa `Site settings`. Ni kweli, hiyo tofauti na kuki inafuta zumu zote mara moja. Lakini inafuta pamoja na ruhusa zote ulizotoa, kamera, mikro, notifikasyo, saiti gani iruhusiwe kufungua madirisha. Kama una saiti ya video ama ya kupiga picha za pasipoti uliyoihangaikia mpaka ikaona kamera yako, utaanza upya. Mimi ningeitumia tu kama orodha ni ndefu sana na mashini inahamia kwa mwenye mpya.

Kama siku moja uko kwa Firefox, wazo ni lile lile, daftari tofauti. Asilimia inaonekana wazi ndani ya mstari wa anwani wakati si ya kawaida, unaibofya tu inarudi. Ngazi zake si zile za Chrome, kwa hiyo usishangae ukikuta 133 ama 170. Orodha ya saiti kama ile ya Chrome hainayo, kwa hiyo ni kwenda kwa saiti yenyewe na kufinya Ctrl na 0. Ila Firefox inakupa kitu Chrome haina kwa mipangilio yake: ukiandika `about:config`, ukubali lile onyo, halafu utafute

```
browser.zoom.siteSpecific
```

ukiiweka `false` Firefox inaacha kabisa kukumbuka zumu kwa jina la saiti. Kwa mashini inayotumiwa na watu wengi wasiojuana hiyo inasaidia. Ubaya wake ni kwamba mwenye macho dhaifu ataweka zumu upya kila mara, basi afadhali huyo umpandishie zumu ya kawaida kwa mipangilio, Firefox inaruhusu tangu toleo la 73 la mwaka 2020.

Sasa tuseme umefuta leo, na wiki ijayo 67 imerudi. Kwa sekretaria sababu ya kwanza ningeshuku ni kuimprime. Mtu anataka karatasi ya uthibitisho iingie kwa ukurasa mmoja, anapunguza zumu mpaka aione yote kwa skrini, anaimprime, anaondoka, na daftari imeandika. Na kazi yake ilikuwa ya bure, maana Chrome wakati wa kuimprime haifuati zumu ya skrini, iko na skeli yake ndani ya ile dirisha ya kuimprime, chini ya mipangilio zaidi, pale ndio aandike 80 ama 85 mpaka karatasi iwe moja. Waonyeshe wanaokusaidia hiyo skeli na nusu ya shida itaisha.

Sababu ya pili ni ekstenshoni. Kuna zile za kukuza maandishi ama za kusomea usiku zinazoshika zumu zenyewe, wewe unarudisha, zenyewe zinapanga tena. Nenda `chrome://extensions`, zizime zote, rudisha zumu, fanya kazi siku nzima, halafu washa moja moja. Ya tatu ni kuwa na profili mbili kwa Chrome moja, asubuhi mtu anafungua yake, mchana wewe yako, kila profili iko na daftari yake na umerekebisha moja tu.

Ya nne inapatikana kwa mashini zilizonunuliwa kutoka kwa sibakafe zilizofungwa. Mle wanaweka programu ya kugandisha diski, kila ukizima na kuwasha Windows inarudi vile ilivyokuwa siku ya kugandishwa. Kama siku ile zumu ilikuwa 67, basi kila asubuhi ni 67, ufute usifute. Dalili yake ni rahisi, acha faili moja tupu kwa biro ya Windows, zima, washa. Faili likiwa limepotea, umeipata, na hapo ndio kweli utafute fundi, lakini mwambie aigandue diski, asiformate, na kabla hajaanza kopi mafaili yako kwa fleshi.

Fundi pia atafutwe kama zumu inaruka yenyewe hakuna mtu amegusa, kwa saiti yoyote, na kwa Word vilevile. Hiyo ni batani ya Ctrl inayobaki imekwama chini, vumbi ama chai, na hakuna mpangilio wa Chrome utakaoiponya. Kabla ya kulipa jaribu klavie ya nje ya USB na ufinye Ctrl zote mbili mara kadhaa. Na kama siyo saiti moja lakini Windows yote imekuwa ndogo, ikoni, menyu, mstari wa chini, basi ni skeli ama rezolusyo ya skrini, siyo daftari tuliyokuwa tunaongelea, unaikuta kwa mipangilio ya Windows upande wa skrini.

Kwa leo lakini anza na ile orodha ya zoomLevels, ufute mstari wa ile saiti yako ya ndani. Kama jina lake halimo ndani ya orodha hata kidogo na ukurasa bado mdogo, niandikie unipe neno la mwanzo la anwani ya ndani na namba unayoiona kwa menyu ya vidoti vitatu, pembeni ya zumu.